Mpini Ndio Rula: Kutambua Panga, Mundu na Kisu cha Kupogolea Kwenye Picha

Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, na pia anafuga. Oktoba moja alinitumia picha WhatsApp na maneno manne chini yake: "Nitafutie kama hii, mjomba." Kwenye picha kulikuwa na kitu kimoja tu juu ya sakafu ya saruji: chuma kilichopinda mbele kama mdomo wa mwewe, na mpini wa mti uliokolea weusi wa jasho la mkono. Hakikuwekwa kitu kingine pembeni.

Mimi nauza zana za shamba karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma mjini, na picha za namna hiyo hunifikia kila siku. Niliiangalia kidogo, nikakumbuka mizabibu ya mjomba, nikajiambia hicho ni kisu cha kupogolea. Nikafunga visu vitatu kwenye gazeti, nikampa kondakta wa basi la Hombolo. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Visu nimevipata, na ni vizuri. Lakini mjomba, mimi nataka kukata miiba ya kuzibia zizi. Kwa visu hivi nitamaliza lini?"

Alichokipiga picha kilikuwa mundu wa kukatia miiba, wenye chuma cha sentimita 24 hivi na mgongo mnene kama ukingo wa kidole cha mtoto. Kisu cha kupogolea nilichompelekea kina chuma cha sentimita 7. Vitu viwili ambavyo mkononi hata mtoto hawezi kuvichanganya, kwenye picha vilikuwa pacha. Nimeifikiria sana picha ile tangu siku hiyo, kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake muda wote, ila sikuangalia mahali panapostahili.

Tatizo linaanzia hapa. Karibu zana zote za shambani zilizopinda zimefuata wazo moja. Ukitaka kukata kitu kinachoteleza au kinachoyumba, iwe ni shina la mpunga, tawi la mgunga au kikonyo cha zabibu, chuma kilichopinda kinakikumbatia kisikimbie. Ndiyo maana mundu wa kuvunia, mundu wa miiba na kisu cha kupogolea vyote vina makali upande wa ndani wa pindo. Kinachovitenganisha ni ukubwa na unene, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo picha huyaficha. Simu haijui kama kitu kina urefu wa kiganja au wa mkono mzima. Ukikisogelea kitu kidogo, kinajaza kioo. Ukirudi nyuma kupiga kikubwa, nacho kinajaza kioo kilekile. Picha za matangazo ya biashara ndizo mbaya zaidi, maana kila zana imekatwa vizuri na kuwekwa kwenye weupe, zote zikiwa sawa kwa ukubwa, kisu cha mfukoni na panga la kufyekea vikilingana kama mapacha.

Lugha nayo inaongeza ugumu. Neno "mundu" kwetu linabeba zana mbili. Ukiwa Bahi msimu wa kuvuna mpunga, mtu akisema nipe mundu, anataka kile chuma chembamba cha mviringo kama mwezi mchanga. Ukiwa kwa mfugaji anayetengeneza zizi, neno hilohilo laweza kuwa chuma kizito chenye mdomo, cha kukatia matawi ya miiba. Hakuna aliyekosea. Lakini mteja akiandika "mundu" na kuweka picha mbaya, muuzaji ana njia mbili za kupotea badala ya moja. Katika makala haya nitasema mundu wa kuvunia na mundu wa miiba ili tusichanganyikiwe.

Sasa nije kwenye jambo lililonipita siku ile. Picha haina rula, lakini karibu kila zana ya kukatia imebeba rula yake yenyewe, nayo ni mpini. Mpini umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu mzima, na mikono ya watu wazima haipishani sana. Kiganja kina upana wa sentimita 8 hadi 9 hivi, na mpini wa zana ya mkono mmoja lazima uzidi hapo kidogo ili ushikike. Kwa hiyo mipini mingi huangukia kati ya sentimita 10 na 14, iwe ni ya kisu kidogo au panga kubwa. Mpini haukui sana, bali chuma ndicho kinachokua. Basi usiulize chuma kina sentimita ngapi, maana picha haitakujibu. Uliza chuma kinaingia mipini mingapi. Swali hilo picha inaweza kulijibu hata kama imekuzwa au kupunguzwa mara kumi.

Ukipima namna hiyo, zana zinajitenga zenyewe. Kisu cha kupogolea chuma chake ni kifupi kuliko mpini, kwa kawaida ni kama theluthi mbili yake. Ni kisu ambacho mkono unajaa mpini na chuma kinachungulia tu mbele, na mara nyingi hujikunja kikaingia kwenye mpini. Mundu wa miiba chuma chake ni karibu mara mbili ya mpini. Panga la kawaida, yale ya inchi 16 au 18, yaani sentimita 40 hadi 46, chuma chake ni mara tatu au zaidi kidogo. Mundu wa kuvunia, ukiufuata kwa pindo lake kuanzia shingoni hadi nchani, nao huwa mara mbili au mbili na nusu. Hapo unaona kwamba kipimo hiki kinatoa kisu na panga nje ya mjadala mara moja, lakini kinakuacha na miundu miwili inayokaribiana. Hiyo tutaitenganisha kwa njia nyingine.

Nilirudi kwenye picha ya mjomba nikaipima hivyo. Nilichukua ukingo wa karatasi, nikauweka juu ya kioo cha simu, nikatia alama mwanzo na mwisho wa mpini. Kwenye kioo changu ulikuwa milimita 31. Kisha nikapima chuma kwa mstari ulionyooka, kuanzia kinapotokea kwenye mpini hadi ncha ya mdomo: milimita 58. Gawanya 58 kwa 31, unapata karibu 1.9. Kingekuwa kisu cha kupogolea, chuma kingekuwa kama milimita 20 au 21 hivi kwenye kioo kilekile. Hesabu haikuwa imekaribia hata kidogo. Na kama mpini ni sentimita 13, basi chuma ni 13 mara 1.9, yaani kama sentimita 24 na nusu. Baadaye mjomba aliupima kwa rula ya shule ya mwanawe akapata 24. Kazi nzima ilichukua dakika moja, na ingemwokolea mjomba safari moja ya basi.

Kipimo hiki kina mahali kinaposhindwa, na ni vizuri kupajua. Mhunzi anaweza kumtengenezea mtu mundu wenye mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili, ili akate miiba bila kuisogelea. Hapo hesabu yote inaharibika, kwa hiyo ukiona mpini mwembamba na mrefu kuliko chuma, usiugeuze haraka kuwa kisu. Angalia unene wake ukilinganisha na urefu: mpini wa kisu cha kupogolea ni mnene na mara nyingi umejipinda kidogo ufuate kiganja. Pia picha ikiwa imepigwa kwa kuinamisha simu, upande ulio karibu na kamera unavimba na ulio mbali unasinyaa. Nimeletewa picha ambayo mtu ameshika panga kwa mkono na kulielekeza kwenye kamera. Ncha imekuwa pana kama koleo na mpini umebaki kama kidole. Picha hiyo usiipime, omba nyingine.

Turudi kwenye miundu miwili. Hapa jicho liangalie pindo linaanzia wapi. Mundu wa kuvunia unapinda tangu mwanzo. Ukitoka mpinini, chuma kinaanza safari ya mviringo na hakinyooki tena hadi nchani, na kadiri kinavyokwenda ndivyo kinavyozidi kuwa chembamba. Kuna aina ambayo chuma kinarudi nyuma kidogo kwanza kabla ya kupinda mbele, kama shingo ya bata. Mhunzi hakuteleza hapo. Amefanya hivyo ili uzito ukae sawa mkononi na mvunaji asichoke kiwiko. Mundu wa miiba ni tofauti. Unatoka mpinini ukiwa ubapa mpana, ulionyooka au karibu kunyooka, na unapinda mwishoni tu, kama mtu aliyeinamisha kichwa bila kuinamisha mgongo. Upana wake unaweza kuwa sentimita 5 na zaidi, ilhali wa kuvunia mara nyingi ni 2 au 3.

Sababu ya tofauti hiyo ni kazi yake. Mundu wa kuvunia unavutwa. Mkono wa kushoto umeshika mashina, wa kulia unavuta chuma kuelekea mwilini, kwa hiyo chuma hakihitaji uzito, kinahitaji mviringo wa kukusanya. Mundu wa miiba unarushwa. Unaupiga kwenye tawi kama shoka jepesi, uzito ndio unaokata, na mdomo wa mbele upo ili tawi lisiteleze na pia uweze kulivuta lililokatwa bila kuchomwa mkono. Ukichukua mundu wa mpunga na kuupiga kwenye tawi la mgunga, unapinda au unakatika shingoni. Nimeshaletewa dukani wa namna hiyo, mpya kabisa, umegeuka kama ndoano.

Unene kwenye picha unaonekana kwa shida, lakini unaonekana. Tafuta mgongo wa chuma. Kama picha imepigwa pembeni kidogo, mgongo wa mundu wa miiba utaonekana kama ukanda wenye kivuli chake, wakati wa mundu wa kuvunia ni mstari tu. Kama picha imepigwa kutoka juu kabisa na mgongo hauonekani, angalia chuma kinavyoingia kwenye mpini. Zana ya kupiga kwa nguvu mara nyingi huwa na pete ya chuma shingoni kwa mpini, ili mti usipasuke, na mkia wa chuma umepita ndani ya mpini hadi mwisho au karibu na mwisho. Zana ya mhunzi wa kwetu, ambayo mara nyingi imefuliwa kutoka springi ya gari, haina jina la kiwanda wala rangi. Ina alama ndogondogo za nyundo kwenye bapa. Kwenye picha ya mjomba pete ilikuwepo. Niliiona siku ile ile nikadhani ni urembo.

Mundu wa kuvunia nao una siri yake ambayo picha moja haiwezi kuitoa. Kuna wenye makali laini na kuna wenye meno. Ule wa meno una mifereji midogo iliyochongwa upande mmoja tu wa chuma, iliyolala kuelekea mpinini ili iume unapovuta. Upande wa pili ni laini kabisa. Mtu akiupiga picha kwa upande laini, utaapa kwamba ni mundu wa kawaida. Na hili si jambo dogo kwa mnunuzi, kwa sababu hizi mbili hazinolewi sawa. Wa makali laini unapitishwa kinoo pande zote mbili. Wa meno unanolewa upande laini peke yake, taratibu, na meno yanajitokeza upya kutoka kwenye mifereji. Ukipitisha tupa upande wa mifereji umeifuta, na mundu wa meno umekufa. Kwa hiyo kila picha ya mundu wa mpunga nitakayoletewa, naomba na ya upande wake wa pili: geuza, piga tena.

Panga ni rahisi zaidi, kwa sababu makali yake hayako ndani ya pindo. Mgongo umenyooka, makali yako upande unaotanuka, na tumbo pana liko karibu na ncha ili uzito uangukie mbele. Mpini umeshikwa kwa ribiti, mara nyingi tatu, zinazoonekana kama vidoti vya shaba au alumini. Kosa linakuja kwa panga lililozeeka. Panga lililonolewa kwa tupa miaka kumi linapungua, na halipungui sawasawa. Sehemu ya katikati ndiyo inayofanya kazi sana na ndiyo inayonolewa sana, kwa hiyo makali yanaingia ndani katikati huku ncha ikibaki. Matokeo yake ni chuma chenye bonde upande wa makali na kidomo mbele, na kwenye picha hicho ni mundu wa miiba mtupu. Mama mmoja wa Mpwapwa aliniletea picha ya namna hiyo akitaka "mundu kama wa marehemu mzee". Kilichonitoa kwenye kosa ni mgongo. Ulikuwa umenyooka kama uzi kutoka mpinini hadi nchani. Mundu wa miiba mgongo wake unafuata pindo, kwa sababu umefuliwa ukiwa umepinda. Panga lililoliwa na tupa linapinda upande mmoja tu, ule wa makali. Na ribiti tatu zilikuwa palepale. Nilimwambia, "Mama, hili ni panga, ila limefanya kazi sana." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema mzee alikuwa nalo tangu yeye akiwa mchumba.

Kuna viwili vingine nivitaje kwa kupita. Fyekeo, ambalo wengine wanaliita kwanja, haliwezi kukuchanganya kwa muda mrefu. Ni pao la chuma refu na jembamba, mbele limekunjwa pembe kama mguu na wayo, na makali yako kwenye hicho kiwayo, mara nyingi pande zote mbili, kwa sababu linarushwa kulia na kushoto. Sime nayo hufika kwenye picha za "panga la zamani". Ina makali pande mbili, kiuno chembamba karibu na mpini, inatanuka kuelekea mbele kama jani, na kwa kawaida picha ina ala ya ngozi pembeni. Hiyo ni silaha, na kwenye rafu zangu haimo.

Kisu cha kupogolea nacho kina ndugu wa kukichanganya, na kwa mkulima wa zabibu kosa hili lina gharama. Kisu cha kubebeshea miche ni kidogo vilevile, kinajikunja vilevile, na hesabu ya mipini inatoa jibu lilelile. Lakini chuma chake kimenyooka, na makali yamenolewa upande mmoja ili mkato uwe tambarare na vipande viwili vigusane vizuri. Kingine kina kiulimi kidogo butu cha kunyanyulia ganda la mti. Kisu cha kupogolea kimepinda mdomo, kinavutwa kuelekea kwako, na kazi yake kwenye mzabibu ni machipukizi mabichi, kamba za kufungia, na kulainisha kidonda kilichoachwa na msumeno. Matawi yenyewe siku hizi wengi wanayakata kwa mkasi wa kupogolea. Dodoma zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka na kila mavuno yanatanguliwa na kupogoa, kwa hiyo picha za visu hivi hunijia kwa makundi, na namna pekee ninayoiamini ya kuvitenganisha ni kuona chuma kikiwa wazi. Kikipigwa kikiwa kimekunjwa, unachoona ni mpini na kijialama cha kuingizia kucha, hakuna zaidi.

Ukitaka picha yako isomeke, weka zana chini, ilale ubapa, kwenye kitu chenye rangi moja. Simama juu yake, simu ikiwa sambamba na ardhi. Usiisogeze simu karibu. Simama kama mita moja hivi kisha uvute kwa kukuza, maana lenzi ya simu ikikaribia sana inanenepesha kilicho mbele. Weka pembeni karatasi ya A4, ambayo upande wake mrefu ni sentimita 29.7, au rula ya mtoto. Piga asubuhi au jioni jua likiwa chini, likitokea upande wa makali: ukanda ulionolewa utang'aa na utaonekana uko upande gani na una upana gani. Saa sita mchana chuma chote kinakuwa cheupe. Kisha geuza zana upige upande wa pili, na picha ya tatu ipige ukiwa umeisimamisha kwa makali ili mgongo uonekane.

Hata ukifanya yote hayo, picha haitakuambia kama chuma ni kigumu au ni bati lililopakwa rangi, wala kama mpini unacheza. Chuma kizuri ukikigonga kwa kucha kinalia, na tupa ikipita inashika bila kuzama. Hayo ni ya mkononi.

Wiki ile mjomba alituma picha nyingine. Tatu, kwa kweli: bapa la kulia, la kushoto, na mgongo, na rula ya mwanawe imelala pembeni. Mgongo ulisoma milimita 6 shingoni na ukapungua kuelekea mdomo. Nilimpelekea mhunzi picha hizo, naye hakuuliza swali hata moja. Alichukua kipande cha springi, akakilaza juu ya simu yangu kana kwamba anapima kitambaa, akaniambia nirudi Alhamisi. Visu vitatu mjomba hakuvirudisha. Kimoja yuko nacho mfukoni anapoingia kwenye mizabibu.